Kinyume cha Matriki ya Tatu kwa Tatu: Tuanze na Mistari, Kofakta Zifuate

Kila tunapofika kwenye somo la kinyume cha matriki yenye mistari mitatu na safu tatu, wanachuo hutuuliza swali lile lile: tutumie njia ipi? Wapo waliofundishwa shuleni njia ya kofakta, na hao huiona njia ya mistari kuwa ndefu na yenye kuzaa sehemu nyingi. Wapo pia waliofundishwa njia ya mistari, na hao huiona njia ya kofakta kuwa mazingaombwe yasiyo na maelezo. Katika makala haya tunakusudia kulijibu swali hilo, na kwanza hatuna budi kukiri kosa letu wenyewe.

Kwa miaka kadhaa tuliifundisha njia ya kofakta kwa kutumia mfano mmoja tuliouzoea. Matriki ya mfano huo ilikuwa na ulinganifu: mstari wake wa kwanza ulifanana na safu yake ya kwanza, wa pili na ya pili, wa tatu na ya tatu. Wanachuo walipata majibu sahihi, nasi tukatia alama za vyema kwa furaha. Ndipo katika jaribio moja tukatoa matriki isiyo na ulinganifu, na wengi wao wakaanguka. Tulipozipitia karatasi tuligundua kwamba walikuwa wakiisahau hatua ya kugeuza mistari kuwa safu tangu siku ya kwanza. Mfano wetu ulikuwa umewafichia kosa hilo, kwa sababu matriki yenye ulinganifu huzaa kofakta zenye ulinganifu, na ukizigeuza au usipozigeuza jibu ni moja. Kosa halikuwa la wanachuo. Lilikuwa la mkufunzi aliyechagua mfano usioweza kumsahihisha mtu.

Tangu hapo tumeacha kuuliza njia ipi ni fupi. Tunauliza njia ipi humwonyesha mwanafunzi kosa lake kabla kalamu nyekundu haijafika.

Mfano tutakaoutumia

Tutachukua mfano mmoja na kuufanya kwa njia zote mbili. Mfano huu ni wa kale sana. Unatoka katika kitabu cha Kichina kijulikanacho kwa jina la Sura Tisa za Sanaa ya Hisabati, kilichokusanywa yapata miaka 2000 iliyopita, ambacho mwanahisabati Liu Hui alikiandikia maelezo mwaka 263. Sura ya nane ya kitabu hicho huanza na hesabu ya matita ya nafaka za daraja tatu: nzuri, ya kati na hafifu. Matita 3 ya nzuri, 2 ya kati na 1 la hafifu hutoa vipimo 39 vya nafaka. Matita 2 ya nzuri, 3 ya kati na 1 la hafifu hutoa vipimo 34. Tita 1 la nzuri, 2 ya kati na 3 ya hafifu hutoa vipimo 26. Swali ni kila tita la kila daraja hutoa vipimo vingapi.

Idadi za matita zikiandikwa peke yake tunapata matriki hii, tutakayoiita A:

```
3  2  1
2  3  1
1  2  3
```

Katika makala haya neno mstari litamaanisha namba zilizolala kutoka kushoto kwenda kulia, na safu litamaanisha namba zilizosimama kutoka juu kwenda chini. Msomaji aone pia kwamba matriki hii inakaribia kuwa na ulinganifu lakini haina. Katika mstari wa pili namba ya mwisho ni 1, na katika safu ya pili namba ya mwisho ni 2. Tofauti hiyo moja inatosha kulifichua kosa tulilolieleza.

Njia ya kofakta

Katika njia hii tunachukua kila namba ya matriki, tunaufuta mstari wake na safu yake, na tunabaki na namba nne. Tunazidisha mbili za ulalo unaoshuka kwenda kulia, tunatoa zao la zile mbili nyingine, kisha tunatia alama kwa zamu: chanya, hasi, chanya katika mstari wa kwanza, hasi, chanya, hasi katika wa pili, chanya, hasi, chanya katika wa tatu. Kwa mfano, kwa namba ya pili ya mstari wa kwanza tunabaki na 2 na 1 juu, 1 na 3 chini. Mara mbili tatu ni 6, toa 1, tunapata 5. Na kwa kuwa zamu yake ni hasi, kofakta ni −5. Tukiendelea hivyo tunapata kofakta zote tisa:

```
 7  −5   1
−4   8  −4
−1  −1   5
```

Sasa tunaitafuta ditaminanti. Tunazidisha mstari wa kwanza wa A na mstari wa kwanza wa kofakta, namba kwa namba, na kujumlisha: 3 × 7 ni 21, 2 × −5 ni −10, 1 × 1 ni 1, jumla ni 12. Wengi hukomea hapo. Sisi tunawasihi wanachuo waendelee na mistari miwili iliyobaki, maana kila mstari hauna budi kutoa 12 ile ile. Mstari wa pili: −8 + 24 − 4 = 12. Wa tatu: −1 − 2 + 15 = 12. Kama kofakta moja ina kosa la alama au la kuzidisha, mstari wake hautatoa 12, na mwanafunzi atajua mara moja atafute kosa katika mstari upi. Kinga hii ni bure, nayo huchukua dakika moja.

Hatua ya mwisho ni kugeuza mistari ya kofakta kuwa safu na kugawanya kila namba kwa 12. Kinyume cha A basi ni 1/12 mara:

```
 7  −4  −1
−5   8  −1
 1  −4   5
```

Tukikizidisha na 39, 34 na 26 tunapata 111/12, 51/12 na 33/12. Yaani tita la nafaka nzuri hutoa vipimo 9 na robo, la kati 4 na robo, na la hafifu 2 na robo tatu. Ndilo jibu la kitabu.

Sasa tumwangalie mwanachuo aliyesahau kugeuza. Kinga ya 12 mara tatu haimsaidii, kwa sababu kinga hiyo hufanyika kabla ya kugeuza. Yeye ameipita salama. Atazidisha kofakta kama zilivyo na kupata 10 na robo tatu, 1, na 4 na robo tatu. Akiwa mwangalifu atalipima jibu lake katika mlinganyo wa kwanza: mara tatu 10 na robo tatu ni 32 na robo, ongeza 2, ongeza 4 na robo tatu. Jumla ni 39 kamili! Ataweka kalamu chini akiwa na hakika, na jibu lake si sahihi. Angeendelea na mlinganyo wa pili angepata 29 na robo badala ya 34, na kosa lingejulikana. Mfano huu unatufundisha kwamba kupima mlinganyo mmoja si kupima. Milinganyo yote mitatu haina budi kukubali.

Njia ya mistari

Katika njia hii tunaiandika A upande wa kushoto, na upande wa kulia tunaiandika matriki ya umoja, yaani ile yenye 1 katika ulalo mkuu na 0 kwingineko. Kisha tunaibadilisha mistari mizima, kushoto na kulia kwa pamoja, mpaka upande wa kushoto ubaki na namba katika ulalo mkuu tu. Tunaruhusiwa mambo matatu: kubadilishana nafasi za mistari miwili, kuzidisha au kugawanya mstari kwa namba isiyo sifuri, na kuongeza au kutoa kwenye mstari mmoja kiasi fulani cha mstari mwingine.

Lawama inayotolewa dhidi ya njia hii ni sehemu. Mwanachuo huanza kwa kugawanya mstari wa kwanza kwa 3 ili apate 1 mwanzoni, na papo hapo ana 2/3 na 1/3. Hatua inayofuata inamletea 5/3, ifuatayo inamletea sehemu za tano, na karatasi inajaa. Lawama hiyo ni ya haki kuhusu mazoea yetu, lakini si ya haki kuhusu njia yenyewe. Wachina wale walipanga hesabu zao kwa vijiti vya kuhesabia, na badala ya kugawanya mwanzoni walizidisha. Walikuza mlinganyo mmoja kwa namba inayoongoza mwingine, kisha wakatoa. Kugawanya waliacha mpaka mwisho. Ndivyo tunavyomfundisha mtoto kutoa sehemu zenye asili tofauti: kwanza azifanye zilingane, kisha atoe.

Tufanye hivyo hapa. Mistari tutaiita M1, M2 na M3. Tunaanza:

```
3  2  1 |  1  0  0
2  3  1 |  0  1  0
1  2  3 |  0  0  1
```

Mahali pa M2 tunaandika 3M2 − 2M1, na mahali pa M3 tunaandika 3M3 − M1:

```
3  2  1 |  1  0  0
0  5  1 | −2  3  0
0  4  8 | −1  0  3
```

Mahali pa M3 sasa tunaandika 5M3 − 4M2. Tunapata 0, 0, 36 kushoto, na 3, −12, 15 kulia. Namba hizi zote zinagawanyika kwa 3, basi tunagawanya:

```
3  2  1 |  1   0  0
0  5  1 | −2   3  0
0  0 12 |  1  −4  5
```

Msomaji atazame mstari wa mwisho. Namba 12 ni ditaminanti, na 1, −4, 5 ndio mstari wa mwisho wa jibu tulilolipata kwa kofakta. Njia mbili tulizodhani ni mahasimu zimekutana kwenye mstari mmoja.

Tunapanda juu. Mahali pa M2 tunaandika 12M2 − M3, tunapata 0, 60, 0 na −25, 40, −5. Tukigawanya kwa 5 tunabaki na 0, 12, 0 na −5, 8, −1. Mahali pa M1 tunaandika 12M1 − M3, tunapata 36, 24, 0 na 11, 4, −5. Tunatoa M2 mara mbili, tunapata 36, 0, 0 na 21, −12, −3. Tukigawanya kwa 3 tunabaki na 12, 0, 0 na 7, −4, −1. Kushoto kuna 12 katika ulalo mkuu, kulia kuna namba zile zile za awali, na hatukuandika sehemu hata moja. Kugawanya kwa 12 ndiyo hatua ya mwisho.

Ushahidi ulio katika kila mstari

Tunafika sasa kwenye sababu inayotufanya tuipendelee njia ya mistari kwa mwanafunzi anayeanza. Namba tatu za upande wa kulia si takataka zinazosubiri mwisho wa kazi. Hueleza ni kiasi gani cha kila mstari wa A ya mwanzo kilichotumika kuutengeneza upande wa kushoto. Kwa hiyo mstari wowote, katika hatua yoyote, unaweza kupimwa papo hapo.

Tuuchukue ule wa 0, 0, 36 na 3, −12, 15. Unadai kwamba mara 3 ya mstari wa kwanza wa A, toa mara 12 ya wa pili, ongeza mara 15 ya wa tatu, hutoa 0, 0, 36. Tupime: 9 − 24 + 15 ni 0, 6 − 36 + 30 ni 0, 3 − 12 + 45 ni 36. Mstari umesema kweli. Kama ungekuwa na kosa, tungelijua hapo hapo, kabla ya kulibeba kosa hilo katika mistari mingine. Na hili ni muhimu, kwa sababu udhaifu mkubwa wa njia ya mistari ni kwamba kosa la hatua ya pili hurithiwa na hatua zote zinazofuata, ilhali kofakta moja iliyokosewa kwa kawaida huharibu namba yake tu, na ditaminanti ikiwa inategemea kofakta hiyo.

Kuna kosa moja la njia hii ambalo kila mkufunzi amelikuta. Mwanachuo, kwa haraka, huandika katika hatua moja: mahali pa M1, M1 − M2, na mahali pa M2, M2 − M1, akitumia mistari ya zamani kwa yote mawili. Kwa A yetu atapata 1, −1, 0 na −1, 1, 0. Hatua inayofuata atajumlisha na kupata mstari wa sifuri tupu, kisha ataandika kwamba matriki haina kinyume. Tumewahi kumwona mwanachuo akilitetea jibu hilo kwa nguvu zote, kwa sababu alikuwa amefundishwa kwamba mstari wa sifuri ni dalili ya kukosekana kwa kinyume. Hakufundishwa kutazama upande wa kulia.

Dalili ni hii. Kwake upande wa kulia pia ulikuwa 1, −1, 0 na −1, 1, 0. Walipojumlishwa, sifuri zikaenea mstari mzima, zote sita. Hilo haliwezekani katika hesabu iliyofanywa kihalali, kwa kuwa upande wa kulia ulianza na matriki ya umoja na kila hatua halali inaweza kurudishwa nyuma. Sifuri sita zina maana moja tu: kosa ni letu, si la matriki. Dawa yake ni kubadilisha mstari mmoja, kuuandika upya, na kuutumia huo mpya katika hatua inayofuata.

Matriki isiyo na kinyume kweli hujionyesha kwa namna nyingine. Tuseme mstari wa tatu wa A ungekuwa 5, 5, 2. Kofakta zingetuambia kwamba ditaminanti ni 0 na zingenyamaza. Njia ya mistari ingetufikisha kwenye 0, 0, 0 kushoto, na kulia −1, −1, 1 au namba zenye uwiano huo huo. Mstari huo unasema wazi: ukitoa mstari wa kwanza na wa pili kwenye wa tatu hakibaki kitu. Yaani mstari wa tatu ulikuwa jumla ya miwili ya mwanzo, na haukuleta habari yoyote mpya. Mwanafunzi hapati hukumu tu, anapata na sababu yake.

Kuhusu wingi wa kazi

Je, njia ya kofakta si fupi zaidi? Tuhesabu tendo la kuzidisha na la kugawanya. Kofakta tisa zinahitaji kuzidisha mara 18, ditaminanti mara 3, na kugawanya kwa mwisho mara 9. Jumla ni 30. Njia ya mistari kwa namna yake ya kawaida, ile ya kugawanya mwanzoni, huhitaji 27. Kwa tatu kwa tatu basi hakuna mshindi, na kuzidisha kwa namba nzima tulikokufanya huongeza kazi kidogo ili kuepuka sehemu. Hali hubadilika tukipanda. Kwa nne kwa nne njia ya mistari huhitaji 64, na kofakta, kila moja ikikokotolewa peke yake, huhitaji 164. Kwa tano kwa tano ni 125 dhidi ya 1030. Mwanachuo aliyejua kofakta tu amejifunza njia inayokomea karibu sana na pale alipoianza.

Hata hivyo hatusemi kofakta zitupwe. Matriki ikiwa na herufi badala ya namba, au ikihitajika namba moja tu ya kinyume na si zote tisa, kofakta hutufikisha upesi bila kupita kwingine. Tunachosema ni kuhusu utaratibu. Wanachuo waanze na mistari, kwa namba nzima kama tulivyoonyesha, ili waone kinyume kinatoka wapi. Kofakta zifuate, zikifundishwa kwa matriki ile ile, na waachwe wakutane wenyewe na ile 1, −4, 5. Mfano wowote utakaowekwa ubaoni usiwe na ulinganifu. Na jibu lolote, kwa njia yoyote, lizidishwe na A kwa mistari yote mitatu kabla ya kukusanywa.

Sisi tuliokaa miaka tukitia alama za vyema kwenye kazi yenye kosa tunalisisitiza hili la mwisho kuliko yote. Mwanachuo anayejua kuupima mstari wake mwenyewe hahitaji kungoja karatasi irudi ili ajue kama amekosea.